Ankara ya Mwisho ya Viyoyozi

Mkataba wetu wa kuhudumia viyoyozi kwenye kampuni moja ya mizigo hapa Dar es Salaam uliisha tarehe 30 Juni 2019. Hawakuuhuisha, kazi wakampa fundi mwingine, na hilo lilikuwa haki yao. Nilichobaki nikidai ni robo ya mwisho, Aprili hadi Juni: shilingi 6,000,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake, jumla 7,080,000.

Wakati mkataba unaendelea, kumdai mteja ni rahisi. Ukichelewa kulipwa unamwambia msimamizi, naye anajua kiyoyozi cha chumba cha seva kikizima atakuhitaji. Mkataba ukishaisha, wewe ni jina tu kwenye faili. Mwezi Julai nilipeleka ankara pamoja na risiti ya EFD, kwa sababu uhasibu walisema bila risiti hawaingizi kitu kwenye mfumo. Hapo ndipo mzigo ulipoanza kunielemea. Risiti ikishatoka, TRA wanaihesabu kuwa mauzo, na ritani ya VAT ya Julai mwisho wake ni tarehe 20 Agosti, hela iwe imeingia au haijaingia. Kazi yetu ilikuwa ya ufundi mtupu, vifaa alinunua mteja mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na manunuzi ya maana ya kupunguza kodi hiyo. Nililipa karibu 1,080,000 yote kutoka mfukoni, vijana wangu wakiwa bado wananidai mishahara ya Juni.

Kila nikipita pale dada wa uhasibu alinijibu kwa upole: "Vumilia kidogo mzee wangu, iko kwenye mchakato." Nilianza kuwa na mashaka na huo mchakato. Siku moja nikamwomba asiniambie lini nitalipwa, ila aniambie ankara yangu iko mezani kwa nani. Akafungua kompyuta, akanyamaza, kisha akasema haiko kwa mtu yeyote. Kazi ya Aprili na Mei ilikuwa na uthibitisho, lakini kadi za kazi za Juni hazikuwemo kwenye faili, na msimamizi wa majengo aliyezisaini alikuwa ameacha kazi Julai. Hakuna aliyekataa kunilipa. Ankara ilikuwa imelala tu.

Kadi zetu zilikuwa za nakala tatu: nyeupe kwa mteja, ya njano ofisini, ya pinki inabaki kwenye kitabu cha fundi. Nikachukua za pinki za Juni, zenye saini ya yule msimamizi, nikampelekea aliyeshika nafasi yake. Alizisoma zote. Kwenye ya chumba cha seva fundi wangu alikuwa ameandika namba ya mashine, presha ya gesi kabla na baada ya kuongeza, na kwamba kapasita ya feni imebadilishwa. Yule msimamizi mpya akaniambia, "Mzee, nakuamini, lakini siwezi kusaini kazi ambayo sikuiona." Sikumlaumu. Mimi nami nisingesaini.

Nikamwuliza kama kitabu cha getini cha Juni bado kipo. Pale huingii bila walinzi kuandika jina, namba ya gari, ulikuja kwa nani, saa ya kuingia na ya kutoka. Tukaenda naye getini. Tarehe za kadi zote zilikuwamo, na siku ya chumba cha seva mlinzi alikuwa ameandika hata kapasita moja ya zamani iliyotolewa nje. Akapiga picha kurasa zile na kuandika kwenye kadi zangu kwamba kazi imethibitishwa kwa kitabu cha getini, akasaini na kuweka muhuri.

Sikuishia hapo. Niliandika barua ya ukurasa mmoja: namba ya mkataba, namba ya ankara, kiasi, na kile kifungu kinachosema malipo hufanyika ndani ya siku 30 tangu ankara ipokelewe, na kile kinachosema mkataba ukiisha haki zilizokwisha kupatikana hazifi. Nikawapa siku 14, baada ya hapo suala liende kwa wakili. Sikutia neno la hasira hata moja, maana barua ya namna hiyo huenda ikasomwa na hakimu. Mapokezi wakanigongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, nikaitunza.

Fedha ziliingia Oktoba: 6,780,000. Zile 300,000 zilizopungua ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya thamani ya kazi bila VAT, na kuikata ni wajibu wao. Lakini bila cheti cha kodi hiyo nisingeweza kuipunguza kwenye kodi yangu ya mapato, ingekuwa nimeipoteza. Kesho yake asubuhi nilikuwa tena uhasibu. Dada akaniona, akashtuka: "Mzee, si umeshalipwa?" Nikamwambia nimelipwa, namshukuru, nimefuata cheti. Akakitoa nikiwa nimesimama pale pale.