Kisu cha Baba Mdogo

Mvua za mwisho wa 2006 zilikuwa hazina adabu. Kisongo yetu kavu iligeuka madimbwi, na mbu wakawa wengi hata mchana. Mapema 2007 tukasikia kuna homa Ngorongoro. Baba mdogo akasema Ngorongoro ni mbali.

Kisha kondoo wake wakaanza kutupa mimba. Siku 4, majike 11. Ajabu ni kwamba mimba zilikuwa za kila umri: nyingine vijusi vidogo, nyingine wanakondoo wenye manyoya kamili. Mimi ndiye nilivizoa, mikono mitupu, nikavitupia mbwa. (Usiniulize nilikuwa nafikiri nini.) Wachanga waliokuwa wamezaliwa hai nao wakafa, karibu wote.

Jike mmoja alipolegea, pua ikitoa kamasi yenye damu, baba mdogo akachukua kisu. "Bora tumuwahi, mwanangu, asije akafa kibudu." Nikamshika miguu. Damu ilinirukia usoni. Tulipompasua, ini lilikuwa limevimba, rangi ya udongo wa njano, likimeguka vidoleni kama ugali uliolala. Hilo tulilitupa. Nyama ilichemshwa jioni, wakala watu 9.

Siku ya nne nikashikwa na homa, mgongo na viungo vikiuma. Baba mdogo akafuata. Zahanati moja ikatupa dawa za malaria bila hata kupima.

Daktari wa mifugo alipofika alituuliza jambo moja tu: nani alichinja, nani alichuna? Wale 9 walikuwa wazima, isipokuwa sisi wawili. "Ndiyo hiyo," akasema. "Homa ya Bonde la Ufa. Moto wa sufuria unaua kirusi. Damu mbichi, maji ya uzazi, kijusi, hivyo ndivyo vinawaambukiza." Alichukua damu, na majibu ya maabara yakamuunga mkono.

Baba mdogo alitaka kundi zima lichanjwe siku ileile. Daktari akakataa: sindano moja ikipita kwa mgonjwa na kwa mzima inasambaza yenyewe, na chanjo ile ya zamani iliyo hai inaweza kutupisha mimba zilizobaki. Chanjo hutangulia mvua, alisema, kwa sababu mayai ya mbu wale hukaa na kirusi kwenye udongo mkavu miaka kadhaa, yakisubiri maji. Kilichobaki ni kuzika kwa kina, kuvaa glavu, na kuacha kuchinja.

Homa iliniacha baada ya siku 5. Wiki ya pili nikafungua daftari kutafuta namba ya daktari, nikaona tarakimu za pembeni vizuri, za katikati zimefunikwa na doa kama moshi. Nikafumba jicho la kushoto, doa likatoweka. Nikalifumba la kulia, likarudi.

Baba mdogo alinisomea ile namba, kisu chake kikiwa bado kimening'inia mlangoni.