Nilimkosesha mwanafunzi wangu wa uoni hafifu, kumbe yeye ndo alikuwa sahihi

Mi ni ticha wa sayansi, darasani nina binti mwenye uoni hafifu. Ushauri niliopewa na walimu wenzangu ulikuwa mmoja tu, "we mkuzie karatasi, basi." Nikakuza kila kitu toka A4 kwenda A3, nikajiona nimemaliza kazi.

Kwenye jaribio kulikuwa na swali la kupima mche kwa rula, jibu 5 sm. Yeye kaandika 7. Nikapiga kosa fasta. Akaja mezani na karatasi yake na rula, "Ticha, naomba upime mwenyewe." Napima... 7 kweli! Fotokopi ya A4 kwenda A3 inarefusha kila mstari karibu mara 1.4, kwa hiyo mche nao umerefuka mi sina habari. Nilirudisha maksi huku naangalia chini. Siku hizi nakuza maandishi tu, mchoro wa kupimwa nauchora upya kwa maka peni nyeusi, saizi ileile, maana hata ukikuza mistari iliyofifia unapata ukungu mkubwa zaidi.

Sasa pratiko ya ujazo. Silinda ya kioo, maji hayana rangi, vimistari kama nywele, ataona nini? Nikatia rangi kwenye maji na kadi nyeupe nyuma, ikasaidia kidogo lakini bado pua inagusa kioo. Ndo nikachukua sirinji ya mililita 50, bila sindano. Unavuta pistoni mpaka 10, pale bua la pistoni linapotokea kwenye mdomo wa nyuma wa sirinji unachonga pengo dogo, halafu 20, 30 hivyo hivyo. Ya kwanza nilichonga kwa mbwembwe bua likakatika, pengo liwe la kuingia ukucha tu. Yeye anavuta huku kidole kipo kwenye mdomo huo wa nyuma, akihesabu mapengo. Ncha ya mbele lazima izame majini muda wote, ikivuta hewa kipimo ni cha uongo. Siku hiyo alimaliza kabla ya kundi zima, wengine wakaanza kuigombania hiyo sirinji!

Kiti nacho nilikosea, nilimweka mbele akitazama dirisha, mwanga ukawa unampiga machoni. Nilipomuuliza akachagua mwenyewe, mbele vilevile ila dirisha liwe mgongoni. Na mdomo wangu ulikuwa na "mimina hii kwenye ile pale", ile ipi sasa? Nasema "mimina sirinji kwenye bika ya kushoto."

Kwenye mtihani wa pratiko kuna mwenzangu alisema nimsamehe tu, nimpe maksi za wastani. Nilikataa. Anapima kwa sirinji yake, muda namwongezea, na swali la kusoma silinda namchorea mistari minene, namba kubwa, ila jibu anatafuta mwenyewe. Juzi kakosa moja, nikamkata.