Jinsi tulivyochagua muuzaji mmoja wa unga

Koperative yetu hapa Lubumbashi ilikuwa imegawanyika: kila kundi lilitaka depo lake. Kwenye mkutano niliomba neno, nikasema hivi:

«Wamama na wababa, tusichague kwa bei iliyoandikwa mlangoni. Depo la kwanza linauza mfuko wa kilo 25 kwa dola 15, lakini usafiri ni juu yetu, dola 1 kwa kila mfuko. La pili linaomba dola 16, na linatuletea mpaka hapa. Kwa hiyo bei ni sawa. Sasa mzani ndio uamue. Tulipima mifuko kumi ya kila upande, tukiichagua wenyewe katikati ya rundo, si ile ya mbele. Ya kwanza ilitoa wastani wa kilo 24, ya pili kilo 25 kamili. Tukinunua mifuko 60, kwa depo la kwanza tunapoteza kilo 60 za unga. Hiyo ni bukari ya watoto wetu!

Ninaomba pia tulipe baada ya kupima, si kabla. Na makubaliano yawe ya miezi mitatu tu, kwa sababu malori yakikwama mpakani Kasumbalesa tutajua kama kweli muuzaji ana akiba.»

Mama mmoja aliuliza kuhusu mkopo ambao depo la kwanza hutoa. Swali zuri: wenye kuuhitaji waliruhusiwa kuendelea nao kwa jina lao binafsi. Wengine wote walipigia kura depo la pili, na mzani unakaa kwa mtunza hazina.