Imeli ya mistari 5, makosa 3

Jana hapa Bukavu niliandika imeli ya mistari 5 kuulizia mifuko 20 ya simenti. Nikaisoma kimya mara mbili, nikaona iko safi. Ndipo nikaisoma kwa sauti, polepole: "Naomba mnitumie ya simenti." Neno bei halimo! Macho yalikuwa yanalijaza yenyewe kwa sababu nilijua ninachotaka kusema. Ulimi ndio ulikwama.

Kisha nikaanza neno la mwisho kurudi nyuma, kidole kwenye skrini: asante, mapkea, Jumanne... Nilitaka kuandika mapema. Kinyumenyume maana inakatika, unabaki na herufi tu. Lakini njia hiyo isingenionyesha bei iliyokosekana. Na tarehe ilihitaji kalenda: niliyoandika inaangukia Jumatano, si Jumanne.