Dakika 26 kati ya Arua na Soroti

Nilipokuwa mwanafunzi wa urubani Soroti, Uganda, niliandika kwenye karatasi ya mpango wa safari kwamba kutoka Arua kurudi kwetu ni dakika 98. Tuliruka kwa dakika 124. Ndege ilikuwa nzima, njia hatukuipotea, wala hatukukutana na wingu la kukwepa. Hesabu ndiyo iliyokuwa mbovu, nami nilishaiamini kwa sababu asubuhi ile ile, wakati wa kwenda, ilionekana kuwa nzuri. Mpaka leo nikiona mwanafunzi amefurahi kwa kufika karibu na muda aliokadiria, namwomba anionyeshe alivyoupata.

Kati ya Soroti na Arua ni maili 180 za baharini hivi, ukielekea magharibi na kupinda kidogo kaskazini. Tulikuwa na Sesna 172, ambayo kwenye kimo cha safari hukata hewa kwa noti 110, yaani maili 110 za baharini kwa saa. Nikagawa 180 kwa 110, nikapata dakika 98, nikaziandika kwenda na kurudi. Upepo niliuona kwenye ramani ya hali ya hewa: unatoka mashariki, noti 20 kwenye kimo chetu. Nikajiambia kwamba utatusukuma wakati wa kwenda, utatuzuia wakati wa kurudi, basi deni litajilipa lenyewe. Mimi ni mtu wa Tanga, na babu yangu aliyekuwa nahodha wa jahazi angenisikia angenirudisha chuoni.

Asubuhi tulitua Arua dakika 92 baada ya kupaa. Sita tu chini ya makadirio! Nikamwambia mwalimu kwamba upepo ni hafifu kuliko ulivyotabiriwa. Hakunijibu. Alikuwa Mkenya mtaratibu sana, na alikuwa na desturi ya kuacha kosa liive kabla ya kulitaja.

Tuliondoka Arua saa tisa na dakika 40 alasiri, nikawapa waongozaji wa ndege muda wa kufika Soroti: saa kumi na moja na dakika 18. Tulivuka Mto Naili, ule wa Alberti, ukiwa maili 35 kutoka Arua. Alama yangu iliyofuata ilikuwa barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, kaskazini mwa Karuma, maili 55 mbele. Kwa hesabu yangu ingetokea baada ya dakika 30. Dakika 30 zikapita, chini ni mashamba na nyumba za nyasi, barabara haionekani. Nikaanza kushuku dira. Nikataka kugeuka kidogo kusini nikaitafute.

"Binti, shika mwelekeo wako," mwalimu alisema. "Ulichopoteza si njia."

Barabara ilijitokeza dakika ya 36, mahali pake hasa. Hapo ndipo ningetakiwa kuchukua kalamu. Maili 55 kwa dakika 36 ni noti 92. Kipimo cha kasi mbele yangu hakikuonyesha kasoro yoyote, kwa sababu chenyewe hupima hewa inayokipiga, na ile hewa yote ilikuwa inasafiri kwenda Arua wakati sisi tunakwenda Soroti. Sikuchukua kalamu. Saa kumi na moja na dakika 18 ilipofika tulikuwa bado maili 34 kutoka uwanjani, na sauti ya mnara wa Soroti ikaniuliza nakadiria kufika saa ngapi. Tulitua saa kumi na moja na dakika 44. Jua la pale halichelewi kuzama mwezi wowote wa mwaka, na sisi tulikuwa tunaruka kwa kuona kwa macho, mchana tu. Isitoshe, ndege isiyosikika kwa nusu saa baada ya muda wake, waongozaji huanza kuiulizia kama iliyo mashakani. Laiti redio ingekuwa imetuharibikia, tungebakiwa na dakika nne.

Jioni mwalimu alinikalisha na karatasi tupu. Jambo la kwanza alilotaka nilione ni kwamba deni la upepo halijilipi. Kutoka mashariki, upepo wa noti 20 haukuwa unatupiga sawasawa mgongoni. Njia yetu na njia ya upepo zilipishana kwa nyuzi 26, kwa hiyo sehemu ya upepo iliyotusukuma ilikuwa kama tisa ya kumi yake, noti 18. Sehemu yake nyingine, noti 9 hivi, ilitupiga ubavuni, na dawa yake ni kugeuza pua nyuzi tano hivi kuelekea upande wa joshi, kule upepo unakotoka. Kwenda, kasi ya ardhini ni 110 na 18: noti 128. Kurudi, 110 toa 18: noti 92. Maili 180 kwa noti 128 ni dakika 84. Kwa noti 92 ni dakika 117. Ukilinganisha na dakika 98 za hewa tulivu, upepo ulitupa dakika 14 na kutunyang'anya 19. Sababu ni nyepesi ukiitazama vizuri: upepo wa mbele unakupunguzia kasi, na kwa kukupunguzia kasi unajiongezea muda wa kuendelea kukuzuia. Ule wa nyuma unakufikisha mapema, basi nao unakosa muda wa kukusaidia.

Nikauliza: kama ulitupa dakika 14, mbona asubuhi tuliwahi kwa sita tu? Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, kwa sababu hilo ndilo swali alilokuwa akilingojea.

Ndege haianzi safari ikiwa na noti 110. Uwanja wa Soroti uko futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, nasi tulikwenda kwa futi 8,500. Kwa joto la Teso na ndege iliyojaa mafuta, ile Sesna ilipanda kwa wastani wa futi 400 kwa dakika. Hizo ni dakika 12 za kwenda polepole, na kipimo kikisoma noti 75. Kufika Arua kuna kuteremka, halafu kuna mzunguko wa kutua, ambao hauna maili hata moja kwenye ramani lakini unakula dakika tano. Kupanda, kuteremka na mzunguko vilitupotezea dakika nane. Upepo ukatupa 14. Makosa yangu mawili yalikuwa yanavutana kama watu wawili kwenye kamba, na mimi nikaona kamba imetulia. Wakati wa kurudi, yote mawili yalivuta upande mmoja.

Tukaikokotoa upya ile safari ya kurudi, sehemu tatu. Uwanja wa Arua uko karibu futi 3,950, na tulirudi kwa futi 9,500. Kupanda futi 5,550 kwa wastani wa futi 350 kwa dakika, maana hewa ya juu ni nyepesi na injini inachoka, ni dakika 16. Kipimo kinasoma 75, lakini hewa nyepesi hukidanganya: kasi halisi huongezeka takriban asilimia mbili kwa kila futi 1,000. Unachukua kimo cha katikati ya mpando, kama futi 6,700, unapata noti 85. Upepo nao unauchukua wa katikati, si wa juu. Ulikuwa unatuzuia kwa noti 10. Inabaki 75 ardhini, na kwa dakika 16 umekwenda maili 20.

Kisha katika hesabu unakwenda kwanza kwenye mwisho wa safari. Kuteremka kutoka futi 9,500 mpaka futi 4,700 za mzunguko, kwa futi 500 kila dakika, ni dakika 10 hivi. Ndege ikiteremka kwa noti 115 dhidi ya upepo wa noti 10, inakula maili 17. Katikati ndipo panapobaki: 180 toa 20, toa 17, ni maili 143. Hizo tu ndizo unazogawa kwa noti 92, unapata dakika 93. Jumlisha 16, 93 na 10, weka tano za mzunguko: 124.

Nilikaa nikiitazama ile namba. Ilikuwa imekaa kwenye ile ramani ya upepo tangu asubuhi.

Wengi niliowafundisha baadaye hukosea mahali pamoja: wanapata dakika za kupanda, wanaziongeza juu ya muda wa maili zote 180. Hapo wanahesabu maili 20 mara mbili. Wakati wa kupanda ndege inatembea pia, kwa hiyo maili zake lazima zitoke kwenye za katikati kabla ya kugawa.

Majuma mawili baadaye tulirudia njia ile. Safari hii, kabla ya kuchagua kimo cha kurudi, nililinganisha upepo wa futi 5,000 na wa futi 10,000, nikatafuta wa katikati. Kwa anayekwenda mashariki kwa kuona kwa macho, vimo vyetu vilikuwa 7,500 au 9,500. Kwa 7,500 utabiri ulisema noti 12, ambazo zingetuzuia kwa 11, na mpando ungekuwa mfupi. Kwa kimo hicho ndege ingekata hewa kwa noti 108, nikapata kasi ya ardhini noti 97, na muda wote, pamoja na mzunguko, dakika 118. Ninapokwenda dhidi ya upepo, chini huwa napatazama kwanza, mradi ardhi iwe mbali na mawingu yasinibane. Kimo kile kile kingekuwa kosa mahali penye milima, kama upande wa Kidepo.

Tulipovuka Naili nilibonyeza saa. Nilikuwa nimeshamaliza kupanda, na hilo ni sharti, kwa sababu ukipima kasi wakati ndege bado inapanda unapata namba isiyohusu sehemu iliyobaki. Barabara ya Gulu nilitarajia kuiona baada ya dakika 34. Ilikuja dakika ya 36. Noti 92 badala ya 97: upepo ulikuwa na nguvu kuliko ramani. Tulikuwa tumeshachelewa dakika mbili. Mbele kulikuwa na maili 90, na 11 za mwisho ni za kuteremka. Nikagawa 79 kwa 92, nikapata dakika 52 hivi badala ya 49. Jumla, dakika tano.

Nikabonyeza redio, nikawapa Soroti muda mpya kabla hawajaniuliza. Mwalimu alikuwa amegeukia dirisha la upande wangu, anatazama Lira ikipita kushoto.

Magurudumu yaligusa dakika moja kabla ya muda niliowapa.