Kumbukumbu ya mradi wa tanuri: sifuri ya Jumapili si hitilafu

Tanuri la mjomba linaoka mikate kuanzia saa nane usiku. Mlangoni nimefunga swichi ya sumaku, na kila mlango unapofunguliwa kupakia, kifaa kinaandika mkupuo mmoja kwenye kompyuta iliyoko nyumbani kwangu. Kila asubuhi saa tatu programu inaangalia kama kuna mkupuo wowote tangu usiku wa manane. Kama hakuna, inanitumia ujumbe: "Sifuri. Kagua kifaa."

Jumapili hawaoki. Kwa hiyo kila Jumapili nilipata ujumbe, na kila Jumapili niliufuta. Mwezi wa pili nikawa naufuta bila kuusoma. Ndipo Jumanne moja intaneti ya pale kiwandani ikakatika, ujumbe ukaja, nikaufuta kwa mazoea. Nilikuja kushtuka Alhamisi. Rekodi za siku mbili zimepotea, na hilo liliniuma kwa sababu mjomba huzitumia kuagiza unga.

Ningeweza kuiambia programu inyamaze Jumapili, basi. Lakini Jumamosi nayo huwa na mikupuo michache, kwani shule zimefungwa, na ratiba hubadilika. Nikaamua ijifunze yenyewe kutoka wiki 8 zilizopita: Jumatano ilinganishwe na Jumatano nyingine, Jumamosi na Jumamosi nyingine.

Jedwali la kwanza lilitoka na kituko. Jumapili ilikuwa na mikupuo 2, Jumamosi 1. Nikampigia mjomba.

"Mjomba, mnaoka Jumapili siku hizi?"

"Hapana, mjomba. Jumapili tanuri haliwashwi kabisa."

Kosa lilikuwa la saa. Hifadhidata inaandika muda wa UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Saa nane usiku ya Jumatatu kwake bado ni saa tano usiku ya Jumapili. Mikupuo miwili ya saa ya kwanza ilikuwa inarudi nyuma siku nzima, kila siku. Anayefanya kazi mchana tu asingeona tofauti yoyote. Kwa mwoka mikate siku zote saba zilikuwa zimevurugika.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Ukihesabu rekodi kwa tarehe, siku isiyo na rekodi haitokei kabisa kwenye majibu. Sifuri haiandikwi, inakosekana, na wastani unapanda kwa uongo. Tuseme Jumapili moja wanaoka mikupuo 6 kwa ajili ya harusi. Bila sifuri za Jumapili nyingine 7, programu ingeamini kwamba kila Jumapili itegemee 6. Dawa ni kuanza na jedwali la tarehe zote, kisha kuunganisha mikupuo:

```sql
SELECT k.siku, COUNT(m.id) AS idadi
FROM kalenda k
LEFT JOIN mikupuo m
  ON date(m.muda, '+3 hours') = k.siku
GROUP BY k.siku;
```

Ni lazima iwe `COUNT(m.id)`. Ukiandika `COUNT(*)`, siku tupu inahesabiwa 1.

Baada ya hapo Jumamosi 8 zilisomeka hivi: 4, 3, 2, 3, 0, 3, 4, 3. Wastani ni 2.75. Kwa hesabu ya Poisson, uwezekano wa kupata sifuri kwa bahati tu ni e^-2.75, yaani kama Jumamosi 1 kati ya 16. Jumatano wastani ni 10, na sifuri ingetokea chini ya mara 1 kati ya 20,000. Kwa hiyo sasa ujumbe unakuja pale tu wastani wa siku hiyo unapozidi 5. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana mikupuo haiji kiholela kama mvua, lakini inatosha kutenganisha Jumamosi na Jumatano.

Kwa siku zenye kazi kidogo nategemea kitu kingine: kifaa kinatuma salamu kila dakika 10, kuna kazi au hakuna. Salamu zikikatika, napata ujumbe hata Jumapili, na siku hiyo inaandikwa `NULL`, haiandikwi 0. Bila hivyo kukatika kwa intaneti kungeingia kwenye historia, na baada ya Jumanne chache mbovu programu ingeona sifuri ya Jumanne ni kawaida.

Jumatano iliyopita ujumbe ulikuja: nategemea 10, nimepata 0, salamu zipo. Nikapiga simu; wanaoka kama kawaida. Basi kasoro iko mlangoni. Nilipofika nikakuta gundi imelegea kwa joto na sumaku iko sakafuni, chini ya trei. Nimeifunga kwa skrubu.

Kilichobaki ni Ramadhani. Kuoka huhamia alasiri, kwa hiyo ukaguzi wa saa tatu asubuhi utakuta sifuri mwezi mzima. Naongeza safu ya `msimu` kwenye `kalenda`, ili wiki za mfungo zisichanganywe na nyingine.