Akiba niliyoiwasilisha mbele ya kamati

Mwaka wa fedha 2018/19 ulipofungwa, nilitakiwa kuwasilisha taarifa ya ununuzi ya mwaka mzima mbele ya kamati ya fedha na ukaguzi ya bodi ya taasisi niliyokuwa nikiitumikia, nikiwa mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi. Taarifa hiyo ilipaswa kueleza mambo matatu: zabuni zilizoshughulikiwa, fedha zilizookolewa kwa kushindanisha wazabuni, na kiwango cha kuzingatia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 na kanuni zake. Sehemu ya kwanza haikuwa na ugumu, kwa kuwa rejesta ya zabuni na mpango wa mwaka wa ununuzi vilikwisha kulinganishwa mstari kwa mstari. Sehemu ya akiba ndiyo iliyozua mjadala mrefu, na mjadala wenyewe ulianzia kwenye bidhaa moja tu, yaani tona za printa.

Kabla ya mwaka huo, kila idara ilikuwa ikiagiza tona zake yenyewe. Idara ingeomba katriji kumi, nyingine ishirini, na kila ombi lilishughulikiwa peke yake kwa kiasi kidogo. Wakaguzi walikwisha kuandika hoja juu ya mtindo huo, na walikuwa na haki, kwa sababu kugawa mahitaji ya aina moja vipande vipande ni jambo ambalo sheria inalikataza, iwe limefanywa kwa kukusudia kukwepa ushindani au kwa mazoea tu. Tulichofanya ni kukusanya mahitaji ya idara zote tumizi mwanzoni mwa mwaka, kuyaweka kwenye mpango kama kifurushi kimoja cha katriji 600, kisha kuwashindanisha wazabuni waliokuwa kwenye mikataba maalumu ya Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA. Bei ya mshindi ilikuwa Sh 160,000 kwa katriji moja.

Mkuu wa fedha, ambaye nilimheshimu na bado ninamheshimu, alinieleza siku chache kabla ya kikao kwamba akiba kwenye tona ilikuwa Sh milioni 54. Hesabu yake haikuwa na kosa la kujumlisha. Kasma ya bajeti ilikadiria Sh 250,000 kwa katriji, sisi tukapata kwa Sh 160,000, tofauti ni Sh 90,000, na ukizidisha kwa 600 unapata milioni 54. “Ndugu Mkuu wa Kitengo,” aliniambia, “hiyo ndiyo namba ambayo wajumbe wataielewa.”

Nilimjibu kwamba wataielewa, lakini haielezi kilichotokea. Makadirio ya bajeti yalikuwa yameandikwa na idara ambazo kila mwaka huongeza kidogo ili zisipungukiwe, na hakuna mtu aliyewahi kulipa Sh 250,000 kwa katriji hiyo. Kupima akiba kwa makadirio ya namna hiyo ni kuitunuku taasisi kwa kukadiria vibaya: kadiri idara inavyotia chumvi kwenye bajeti, ndivyo ofisi ya ununuzi inavyoonekana hodari. Kipimo cha haki kilikuwa bei tuliyolipa kweli mwaka uliotangulia.

Kuipata bei hiyo kulihitaji kazi. Nilitoa hati za malipo za mwaka wote uliotangulia, nikazipanga kwa tarehe. Bei zilianzia Sh 178,000 hadi Sh 215,000, na baadhi ya ankara zilionesha bei pamoja na VAT ya asilimia 18 ilhali nyingine ziliiweka pembeni, kwa hiyo nililazimika kuzigeuza zote ziwe na VAT kabla ya kuzilinganisha. Hatua hiyo ndogo huachwa mara nyingi, na ikiachwa inaweza kuzalisha akiba ambayo haipo. Wastani, kwa kuzingatia wingi wa kila oda, ulikuwa Sh 190,000. Akiba kwa katriji ikashuka kutoka Sh 90,000 hadi Sh 30,000, na kwa katriji 600 ikawa milioni 18.

Hata hiyo haikuwa namba ya kuipeleka kikaoni. Mkataba maalumu hauilazimishi taasisi kuchukua kiasi chote kilichokadiriwa. Unanunua kwa oda kadiri mahitaji yanavyojitokeza. Hadi tarehe 30 Juni tulikuwa tumepokea na kulipia katriji 480, na fedha haiwezi kuokolewa kwenye bidhaa ambayo haijanunuliwa. Milioni 18 ikawa milioni 14.4.

Kisha kukawa na suala la shehena ya tatu. Mtunza stoo wetu, mama mmoja makini sana ambaye leja yake ilisomeka kama kitabu kilichochapwa, alikuwa ameona kwamba idara zilizochukua tona za shehena hiyo zilikuwa zikirudi kuomba nyingine mapema kuliko kawaida. Alinifuata ofisini na leja mkononi akaniambia, “Bosi, hizi za mwezi wa pili haziendi mbali.” Kamati ya ukaguzi na mapokezi ilikuwa imezipokea bila kasoro, na kwa kweli kamati ilitimiza ilichoweza: ilihesabu maboksi, ikalinganisha namba ya aina na ile ya kwenye oda, ikakagua lakiri na vifungashio. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kukuambia ndani ya katriji mna unga kiasi gani.

Kinachoweza kusema ni kaunta ya printa. Printa za ofisi hutunza idadi ya kurasa zilizochapwa tangu zianze kutumika, na idadi hiyo huonekana ukichapa ukurasa wa taarifa za mashine. Tulikubaliana na afisa tehama kwamba tona inapobadilishwa, usomaji wa kaunta uandikwe kwenye hati ya kutolea bidhaa stoo. Ukitoa usomaji wa awali kwenye usomaji mpya, unapata kurasa ambazo katriji iliyoisha ilichapa. Mtengenezaji wa katriji hiyo alitaja kurasa 2,300 kwa kipimo cha ISO/IEC 19752, ambacho hutumia ukurasa maalumu wa majaribio wenye wino mchache, takribani asilimia 5 ya eneo la karatasi. Barua na majedwali ya ofisini hula wino zaidi, kwa hiyo matumizi yetu ya kawaida yalikuwa karibu na kurasa 2,100. Katriji za shehena ya tatu zilikuwa zikiishia kwenye kurasa 1,500.

Hapo ndipo bei kwa katriji inapoacha kuwa kipimo kizuri, na bei kwa ukurasa ikachukua nafasi yake. Kwa bei ya zamani tulikuwa tukilipa takribani Sh 90 na senti 50 kwa ukurasa. Kwa bei mpya, katriji nzuri ilitupa ukurasa kwa Sh 76 hivi. Lakini katriji ya Sh 160,000 inayochapa kurasa 1,500 inafanya kila ukurasa ugharimu karibu Sh 107, yaani ni ghali kuliko ile tuliyokuwa tukiinunua kabla ya kuokoa chochote. Shehena ilikuwa na katriji 120. 40 zilikwisha kutumika, na 80 bado zilikuwa stoo. Tuliandika barua kwa mzabuni tukiambatisha nakala za usomaji wa kaunta, tukisimamia kifungu cha mkataba kinachomtaka kubadilisha bidhaa isiyokidhi vigezo, naye akazichukua zile 80 na kuleta nyingine. Zile 40 hazikuweza kurudishwa. Katriji 440 zilizobaki zilikuwa zimeokoa Sh milioni 13.2, na hasara ya zile 40, ukilinganisha na bei ya zamani kwa ukurasa, ilikuwa karibu Sh 970,000. Namba niliyoiandika kwenye taarifa ilikuwa Sh milioni 12.2, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo ya jinsi milioni 54 ilivyofika hapo.

Sehemu ya uzingatiaji wa sheria ilikuwa na jambo moja tu ambalo lilihitaji ujasiri. Kwa kila zabuni nilikuwa nimeweka mbele ya jalada karatasi ya kuonesha nyaraka zote ambazo mkaguzi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, angeziomba: idhini ya bodi ya zabuni, tangazo, kumbukumbu za ufunguzi, ripoti ya tathmini, notisi ya kusudio la kutoa tuzo iliyowapa washindani siku 7 za kazi kuwasilisha malalamiko, mkataba, na ripoti ya mapokezi. Kwenye zabuni ya huduma ya ulinzi, tamko la mjumbe mmoja wa kamati ya tathmini kwamba hana mgongano wa maslahi lilikuwa limesainiwa siku mbili baada ya tathmini kuanza. Hakuna aliyekuwa na shaka na uadilifu wake, na hata yeye mwenyewe alipendekeza kwa nia njema kwamba asaini fomu nyingine yenye tarehe ya siku ya kwanza. Nilikataa. Tamko hilo lina maana kwa sababu linatangulia kufungua nyaraka za wazabuni. Likiandikwa upya linakuwa hati ya kughushi katika jalada ambalo vinginevyo lilikuwa safi. Niliandika kwenye taarifa kwamba zabuni hiyo ilikuwa na upungufu mmoja, nikautaja ulivyo, na nikaeleza kwamba kuanzia hapo nyaraka za wazabuni hazingekabidhiwa kwa kamati ya tathmini kabla matamko yote hayajawa mezani kwa katibu.

Siku ya kikao, mwenyekiti wa kamati alisoma ukurasa wa tona polepole, na kwa muda hakuna aliyesema. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini kitengo kinajishusha, wakati taasisi nyingine huleta akiba za mamilioni mengi zaidi. Nilimwambia, “Mheshimiwa Mjumbe, milioni 54 ukiitafuta kwenye akaunti hutaiona. Hii milioni 12.2 ipo, na mkuu wa fedha anaweza kukuonesha ilibaki kwenye kasma ipi.” Mkuu wa fedha, ambaye angeweza kunyamaza, alifungua daftari lake na kutaja kasma yenyewe.

Maswali yaliyofuata yalikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Mwenyekiti aliuliza kwa nini vigezo vya tona havikutaja idadi ya kurasa, na jibu lilikuwa kwamba vilitaja aina ya katriji tu, kama idara tumizi zilivyozoea kuandika. Kamati ikaagiza kwamba mahitaji ya mwaka uliofuata yataje kurasa 2,300 kwa ISO/IEC 19752 kama kiwango cha chini, na kwamba katriji mbili kutoka kila shehena zichapishwe hadi ziishe kabla hati ya mapokezi haijasainiwa. Kipengele hicho cha pili kilipingwa na wajumbe wawili kwa kuwa kingechelewesha malipo ya mzabuni, na hoja yao ilikuwa na uzito: mzabuni mdogo anayengoja fedha wiki nzima zaidi hupandisha bei yake mwaka unaofuata. Tulikubaliana kwamba majaribio yafanyike ndani ya siku tatu za kazi, kwenye printa ya masjala, ambayo kazi zake za kila siku zilitosha kumaliza katriji mbili bila kupoteza karatasi kwa ajili ya majaribio pekee.